Saa ya pea kutoka Tandahimba: dhahabu ilikwenda wapi, na je, inafaa kuchovya upya?

Msimu wa minada ya korosho ulipoanza, mkulima mmoja kijana wa Tandahimba alishuka Mtwara mjini na mkewe, wakaniletea saa mbili ndani ya kiboksi kimoja. Zilikuwa saa za pea, ya mume na ya mke, za aina inayonunuliwa sana kwa zawadi za harusi: bodi ya rangi ya dhahabu, mkanda wa chuma wa rangi hiyohiyo, uso mweupe, mashine ya betri. Wazazi wa mke walizinunua Kariakoo kwa shilingi 70,000 zote mbili, kisha wakachongesha majina ya maharusi na tarehe ya ndoa kwenye mifuniko ya nyuma. Ndoa yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka miwili.

Saa ya mke ilikuwa bado inapendeza. Ya mume ilikuwa imechoka vibaya. Pete inayozunguka kioo ilikuwa nyeupe karibu yote, pembe za masikio yanayoshika mkanda zilikuwa na vidonda, na kuzunguka kitufe cha kurekebishia majira kulikuwa na weusi usiotoka kwa kitambaa. Mkanda, jambo la ajabu kwao, ulikuwa bado una rangi.

"Fundi, hii nataka ichovywe upya zirudi kufanana," kijana akaniambia. "Sonara ameniambia elfu ishirini."

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba aniachie zote mbili, hata ile nzima, kwa sababu fundi hapati mara nyingi nafasi ya kushika saa mbili zilizotoka kiwandani pamoja na zikaishi maisha tofauti. Tofauti yoyote ninayoiona kati yake imeletwa na matumizi, haikuletwa na kiwanda. Na kabla ya kuzungumza habari ya kuchovya, mtu anapaswa kujua rangi ya kwanza iliondokaje. Usipojua hilo, ya pili itafuata njia ileile.

Nilichokiona chini ya lenzi

Rangi ya dhahabu juu ya saa huondoka kwa njia mbili, na kila moja ina alama zake. Njia ya kwanza ni msuguano. Msuguano hula sehemu zilizoinuka, yaani ukingo wa pete ya kioo, migongo ya masikio, kingo za kifungo cha mkanda. Pale unapokula panabaki laini na pang'avu, kama pamepigwa msasa mwembamba. Njia ya pili ni kuliwa na kemikali, na hii hupenda mabonde: pembe za ndani, chini ya mwisho wa mkanda, kandokando ya kitufe, mahali popote jasho linapotuama. Huko utakuta vidoa, vishimo, ukurutu wa unga, na ukipitisha ukucha utasikia mikwaruzo.

Saa ya mume ilikuwa na vyote viwili. Weupe wa pete ya kioo ulikuwa laini kabisa na umeenea sawasawa mzunguko mzima, jambo lililonishangaza kidogo, maana mkono wa shati au ukingo wa meza hausugui mzunguko mzima kwa usawa. Nilipomuuliza kijana alichofanya saa ilipoanza kupauka, alisema aliisugua kwa dawa ya meno na kitambaa, na ikang'aa sana kwa siku chache. Hapo jibu likapatikana. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia. Juu ya dhahabu ya kuchovya isiyo na unene, kila kusugua huondoa sehemu ya dhahabu yenyewe, na ule mng'ao alioufurahia ulikuwa wa tabaka la chini lililokuwa linaanza kuonekana. Dawa za kung'arishia shaba hufanya vivyo hivyo, tena haraka zaidi. Naliona kosa hili kila mara, na linaniuma kwa sababu mtu hulifanya kwa kuipenda saa yake.

Kwenye masikio na pembeni mwa kitufe hali ilikuwa nyingine. Palikuwa na vishimo vidogo vyenye unga mweupe ndani, pete nyembamba nyeusi kuzunguka kila kishimo, na hapa na pale ukijani. Nilipofungua mkanda, ndani ya viungo vyake nikakuta vumbi la manjano lililogandamana na jasho.

"Hii ni salfa?" nikamuuliza.

"Ni salfa, fundi. Kazi zetu si unazijua."

Salfa na umande

Asiyetoka huku kwetu atahitaji maelezo kidogo. Mikorosho hushambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe na kuyaangusha. Kinga inayotumiwa zaidi Mtwara na Lindi ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine ya mgongoni kuanzia mikorosho inapotoa maua. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, kabla upepo haujaamka na wakati umande ungali juu ya majani, ili unga unate. Ule ule umande unaoshikisha salfa kwenye jani huishikisha pia kwenye mkono wa mpulizaji na kwenye saa aliyoivaa.

Dhahabu halisi haijali salfa. Ukiacha kipande cha dhahabu safi ndani ya mfuko wa salfa mwaka mzima, utakitoa kina rangi yake. Lakini shaba inaijali sana. Salfa ikigusa shaba penye unyevu, hutengenezwa salfidi ya shaba, nayo ni nyeusi. Kwa hiyo weusi ule uliniambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba chini ya dhahabu kuna shaba, na kwamba dhahabu yenyewe ilikuwa nyembamba kiasi cha kupitisha.

Hili la kupitisha watu wengi hawalijui. Dhahabu iliyochovywa kwa umeme, ikiwa nyembamba sana, si ngozi isiyo na tundu. Ina vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Jasho, ambalo ni maji yenye chumvi na asidi kidogo, hupenya humo na kukutana na metali ya chini. Na hapo linatokea jambo baya zaidi: metali mbili tofauti zikiwa zimegusana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Dhahabu ni imara kuliko karibu metali zote, basi kila inapofunika shaba au zinki kwa pazia lenye matundu, inaharakisha kuliwa kwa kilicho chini yake. Ndiyo maana saa ya kuchovywa huweza kuoza kutoka ndani huku sehemu kubwa ya rangi ikiwa bado iko juu.

Saa ya mke ilithibitisha. Yeye huivaa kwenda kanisani na kwenye sherehe, halafu huirudisha kiboksini. Chini ya lenzi, bodi yake haikuwa na kishimo hata kimoja. Palikuwa na weupe mdogo tu kwenye kingo mbili za masikio, ule ulio laini, wa msuguano. Rangi ni ileile, kiwanda ni kilekile. Lililokosekana ni jasho la kila siku, salfa na dawa ya meno.

Kilicho chini ya rangi

Swali la kuchovya upya linajibiwa zaidi na metali ya chini kuliko na dhahabu yenyewe. Saa za fasheni huwa na bodi ya moja kati ya metali tatu: stenlesi, brasi (yaani shaba iliyochanganywa na zinki), au aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Brasi na aloi ya zinki hazivutwi kabisa, na stenlesi inayotumika kwenye saa nayo huwa haivutwi, au huvutwa kidogo mno. Kinachosaidia ni kutazama pale rangi ilipokwisha na kukwangua kidogo mahali pasipoonekana. Mimi hukwangua kwenye ukingo wa ndani, chini ya mfuniko wa nyuma. Brasi itaonyesha unjano. Stenlesi itakataa ncha ya kisu na kubaki nyeupe. Aloi ya zinki ni laini, ina rangi ya kijivu, na ikiliwa hutoa unga mweupe.

Saa hii ilitoa kijivu. Ilikuwa aloi ya zinki, juu yake tabaka la shaba, juu ya shaba nikeli nyembamba, na mwisho dhahabu. Weupe uliobaki kwenye pete ya kioo baada ya dawa ya meno ulikuwa ile nikeli. Unga mweupe wa vishimoni ulikuwa wa zinki, weusi na ukijani vikatoka kwenye shaba. Kila rangi ilikuwa inataja tabaka lake.

Kijana alinionyesha maandishi ya nyuma yaliyomfanya aamini kwamba saa yote ni stenlesi. Nilimwomba ayasome tena polepole. Yalisema kwamba mfuniko wa nyuma ni wa stenlesi. Yalikuwa ya kweli, na yaliishia hapo hapo kwenye mfuniko. Ukiona neno la stenlesi limeambatanishwa na neno la mgongo au mfuniko, elewa kwamba mara nyingi bodi huwa ya kitu kingine cha bei nafuu zaidi.

Mkanda ndio ulikuwa stenlesi kweli, na hiyo ni nusu ya sababu ya kubaki na rangi. Nusu ya pili ni kwamba haukuchovywa kwenye maji ya dhahabu. Ulipakwa kwa mvuke ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ambamo titani huungana na naitrojeni na kulala juu ya chuma kama utando wa rangi ya dhahabu. Utando huo, nitridi ya titani, ndio ule unaowekwa pia kwenye keekee na visu vya viwandani ili visilike upesi, na ni mgumu mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Salfa haiugusi, jasho haliugusi, na dawa ya meno huusafisha tu. Viwanda vingine huweka dhahabu halisi kidogo sana juu yake ili rangi ikolee. Hiyo ya juu ikiisha, saa hubaki na unjano uliopauka kidogo ambao wengi hawautambui. Udhaifu wa utando huu ni kwamba ukipigwa na kitu kigumu hadi ukakwaruzika, haurekebishiki hapa kwetu. Sonara hawezi kuurudisha, kwa sababu unahitaji chombo cha ombwe, haufanywi kwa beseni la maji.

Unene ni nini kwa shilingi

Kijana aliporudi alitaka kujua kama elfu ishirini ya sonara ni bei nzuri. Nikamwambia swali la kumuuliza sonara ni unene, na nikamfanyia hesabu kwenye kipande cha karatasi. Nairudia hapa kwa sababu ndiyo sehemu iliyombadilisha mawazo.

Unene wa dhahabu ya kuchovya hupimwa kwa maikroni. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una kama maikroni 70. Saa nyingi za Uswisi za zamani zilizochovywa vizuri ziligongwa muhuri wa maikroni 20 au 10 pembeni au nyuma, na nimezipokea mezani zikiwa zimevaliwa miaka mingi na wazee huku zimechubuka pembe za masikio tu. Saa za fasheni za bei ya chini huwa haziandikwi chochote, kwa kuwa kinachowekwa ni chini ya sehemu ya kumi ya maikroni moja. Rangi inakuja yote, maana jicho halihitaji unene kuona dhahabu. Unene ni wa muda.

Bodi ya saa ya mume ilikuwa na upana wa milimita 42. Ukijumlisha ubavu, pete ya kioo na masikio, eneo la kuchovya ni kama sentimita za mraba 25. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Maikroni moja juu ya eneo hilo, basi, ni gramu 0.048. Tukichukua gramu moja ya dhahabu safi kwa shilingi 300,000 ili hesabu iwe nyepesi, maikroni moja ni kama shilingi 14,500 za dhahabu tupu. Maikroni tatu, unene ambao ningeukubali kwa saa ya kuvaliwa kila siku, ni kama shilingi 43,500. Na sehemu ya kumi ya maikroni ni shilingi 1,450.

"Kwa hiyo kwenye ile elfu ishirini, dhahabu ni ya elfu moja na kitu?" akauliza.

Ndivyo ilivyo, na simlaumu sonara. Kilichobaki ni kazi yake, na kazi hiyo ikifanywa inavyotakiwa ni nyingi. Mashine, uso, kioo, mipira ya kuzuia maji na kitufe vyote vinatolewa ili bodi ibaki tupu. Dhahabu ya zamani inaondolewa, bodi inasuguliwa hadi makovu yaishe, inaondolewa mafuta, inasuuzwa, inapitishwa kwenye asidi hafifu kwa muda mfupi, inawekwa tabaka la shaba au nikeli, ndipo iingie kwenye maji ya dhahabu na umeme wa kadiri. Hatua inayorukwa ndiyo itakayojitokeza baadaye. Mafuta ya kidole yakibaki, dhahabu itababuka hapo. Sonara asipotoa kioo na mashine, mvuke na maji ya kuchovyea vitaingia ndani, na wiki chache baadaye saa itasimama.

Niongeze kwamba maji ya dhahabu ya aina inayotumiwa zaidi yana sianidi. Yakikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Wapo vijana wanaotafuta kit za kuchovyea ili wafanyie nyumbani, na ninawasihi wasianze na kitu hiki jikoni.

Kwa nini nilikataa

Hata kama sonara angekubali kuweka maikroni tatu na mteja akakubali kulipa zaidi ya thamani ya pea nzima, bodi ile isingepokea. Aloi ya zinki ni metali ngumu kuchovya upya ikiwa imeshaliwa. Asidi inayosafisha bodi nyingine huishambulia zinki yenyewe. Vishimo vinabaki na maji ya kemikali ndani hata baada ya kusuuza, na maji hayo hufunikwa chini ya dhahabu mpya. Bodi hutoka kwa sonara ikiwa nzuri, kisha baada ya muda mfupi hutokea mapele madogo, mapele yanapasuka, na chini yake unga mweupe unaendelea na kazi ulikokuwa umeachia. Kusugua vishimo hadi viishe nako hakuwezekani: vilikuwa vimeingia kwenye masikio karibu na matundu ya pini za mkanda, na ningesugua kufikia kina chao, sikio lingebaki jembamba la kuvunjika.

Kulikuwa na tatizo la rangi pia, na hili mteja huligundua akishalipa. Dhahabu ya sonara wetu kwa kawaida ni nzito ya rangi, inaelekea uchungwa, kwa sababu maji yake hayana mchanganyiko mwingi. Mkanda wa nitridi ya titani una unjano uliopauka zaidi. Bodi ikichovywa na mkanda ukaachwa, saa moja itakuwa na dhahabu mbili. Na kuuchovya mkanda nao ni kosa juu ya kosa, kwani dhahabu ya kuchovya haishiki vizuri juu ya utando ule, hubanduka kama ganda, na eneo la viungo vyote vya mkanda ni mara nne au tano ya eneo la bodi. Hesabu ya dhahabu ingepanda kwa kiasi hichohicho.

Wapo wateja ninaowaambia wachovye. Mwenye saa ya zamani ya bodi ya brasi, isiyo na vishimo, yenye mashine nzuri, huyo apeleke, akubaliane na sonara maikroni tatu hadi tano juu ya nikeli, na alipie. Brasi hupokea dhahabu vizuri na husuguliwa bila kuumia. Mwenye ngozi inayowashwa na nikeli aseme mapema, maana dhahabu ikichakaa nikeli ndiyo itakayogusa mkono. Bodi ya stenlesi nayo inawezekana, ila chuma hicho kina utando wake wa asili unaoikataa dhahabu. Bila tabaka maalumu la nikeli la kuanzia, linalowekwa kwenye maji yenye asidi kali, dhahabu itatoka na kitambaa. Muulize sonara kama anayo maji hayo. Kama hajui unachosema, stenlesi yako ni afadhali isuguliwe iwe nyeupe yote, ivaliwe hivyo, na itadumu.

Kuna hali moja nyingine ambapo hata ile ya elfu ishirini inafaa: saa isiyovaliwa sana, isiyo na vishimo, inayohitaji kupendeza siku chache kwa mwaka. Saa ya mke, kwa mfano, ikifika siku imepauka, naweza kuipeleka. Dhahabu ya sehemu ya kumi ya maikroni kwa mtu anayevaa kila siku kwenye joto letu la pwani huanza kuonyesha pembe baada ya miezi michache, na mara chache sana hufika mwaka ikiwa nzima. Kwa mtu wa Jumapili inaweza kukaa miaka.

Tulichofanya

Mke ndiye aliyesema jambo la maana kuliko sote. Alisema kinachowauma si rangi, ni majina. Baba yake ndiye aliyepeleka saa zile zikachongwe, na hawezi kuona mume wake anavaa saa nyingine isiyo na maandishi yale.

Majina yalikuwa kwenye mfuniko wa nyuma, na mfuniko ulikuwa stenlesi. Salfa haikuufanya kitu. Nilipousafisha kwa sabuni na mswaki laini, kila herufi ilikuwa kama siku ilipochongwa. Mfuniko wenyewe ni wa kubana, hauna hesi, na namba ya modeli ilikuwa imepigwa pembeni mwa majina. Saa nyingine yoyote ya modeli ile ingeupokea.

Nilimwambia kijana atume mtu Kariakoo na picha ya namba ile. Modeli za fasheni hazikai sokoni muda mrefu, kwa hiyo nilimtahadharisha kwamba huenda zimeshakwisha. Pea ilikuwa imekwisha kweli, lakini ilipatikana ya mume peke yake, yenye uso wa rangi ya bluu badala ya mweupe, kwa shilingi 30,000. Bodi ilikuwa ileile. Nilihamisha uso mweupe na mishale kutoka saa ya zamani, kwa sababu mashine ilikuwa ya aina moja na miguu ya uso ikakaa bila kulazimisha, nikaweka mpira mpya wa kuzuia maji na betri mpya, nikabana mfuniko wenye majina. Kazi yangu ilikuwa shilingi 8,000. Jumla 38,000, na akapata saa yenye rangi ya kiwanda, inayofanana na ya mkewe, iliyobeba tarehe yao ya ndoa. Mkanda wa zamani ameuhifadhi kama akiba, maana bado ni mzima.

Dhahabu ya saa mpya ni nyembamba vilevile, na sikumficha. Alfajiri ya salfa anaiacha nyumbani na kuvaa saa ya plastiki ya namba. Akitoka juani huifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo kisha kikavu, hasa chini ya masikio na pembeni mwa kitufe, jasho lisilale humo. Manukato anajipulizia kwanza, yakikauka ndipo anavaa. Haingii nayo baharini. Dawa ya meno hapana kabisa. Mkanda anauosha kwa sabuni na mswaki, lakini anautoa kwanza kwenye bodi.

Msimu wa salfa uliofuata ulipokwisha, alipita kubadilisha pini moja ya mkanda, nikaitazama tena chini ya lenzi. Hakukuwa na kishimo wala weusi. Ukingo mmoja wa sikio la kushoto, upande unaogusana na mfuko wa suruali anapotia mkono, ulikuwa umeanza weupe laini wa msuguano. Nilimwonyesha mahali penyewe na nikamwambia apaache jinsi palivyo.